Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ufanisi wa kondensa na boila pale upande mmoja unapobadili hali

Ukurasa huu ni wa mafundi wa mitambo ya mvuke, wanafunzi wa uhandisi na yeyote aliyekutana na sentensi "chukua Cr = 0" akabaki na maswali. Mfano unaorudi mara nyingi ni kondensa ya turbini ya mvuke inayopozwa kwa maji ya bahari. Boila na kondensa za majokofu zina sehemu zake huko chini, kwa sababu zina vikwazo vyake.

## Misingi

Ufanisi wa kondensa unapimwa kwa kulinganisha nini na nini?

Unalinganisha joto lililohamishwa kweli na joto kubwa kuliko yote ambalo lingeweza kuhamishwa kama kondensa ingekuwa na eneo lisilo na mwisho. Mvuke umekaa kwenye halijoto Ts. Maji yanaingia yakiwa na Ti na kutoka yakiwa na To. Hata mirija ingekuwa mirefu kiasi gani, maji hayawezi kutoka yakiwa na joto kuliko mvuke unaoyapasha. Upeo wake ni Ts. Kwa hiyo:

```
ε = (To − Ti) / (Ts − Ti)
```

Ukipata 0.78, maana yake maji yamepanda asilimia 78 ya safari ambayo yangeweza kupanda. Hakuna zaidi ya hapo katika namba hiyo. Haisemi mafuta kiasi gani yameokolewa, wala kama turbini inafanya kazi vizuri.

Kwa nini uwiano wa uwezo unakuwa sifuri? Mvuke si ndio unaobeba joto lote?

Swali hili linawatatiza wengi, na linastahili. Herufi C inasimamia uwezo wa mkondo kubeba joto kwa kila digrii moja ya mabadiliko ya halijoto. Kwa maji, C ni kilo za maji kwa sekunde ukizizidisha na joto mahsusi lake. Njia nyingine ya kuipata ni kugawanya joto lililohamishwa kwa badiliko la halijoto la mkondo wenyewe.

Sasa jaribu kuigawanya hivyo kwa mvuke unaogeuka maji. Joto linatoka kwa wingi, lakini halijoto haishuki, kwa sababu kinachotoka ni joto fiche. Ni kama sufuria inayochemka jikoni: ukiongeza moto, maji yanaisha haraka zaidi lakini hayazidi halijoto ya kuchemka. Unagawanya joto kubwa kwa sifuri, na jibu linakuwa uwezo usio na kikomo.

Cr, yaani uwiano wa uwezo, ni uwezo mdogo, Cmin, ugawanywe kwa uwezo mkubwa. Uwezo mdogo ni wa maji na una thamani ya kawaida kabisa. Uwezo mkubwa ni wa mvuke na hauna kikomo. Namba yoyote ukiigawanya kwa kisicho na kikomo unapata sifuri. Kwa hiyo sifuri hiyo inatokana na mvuke kuwa na uwezo mwingi mno. Wanaodhani Cr = 0 ina maana kwamba upande mmoja haubebi joto wameigeuza hesabu kichwa chini, na mara nyingi huishia kuweka uwezo wa mvuke mahali pa Cmin.

Fomula ε = 1 − e^(−NTU) inatoka wapi?

Chukua kipande kidogo cha mrija. Joto linalopita hapo linategemea tofauti ya halijoto kati ya mvuke na maji mahali hapo hapo. Maji yanapopanda joto, tofauti hiyo inapungua, na kasi ya maji kupanda inapungua kwa kiwango kilekile. Kwa kuwa Ts haisogei, kinachobadilika ni kimoja tu, yaani pengo lililobaki. Pengo linalopungua kwa kasi inayolingana na ukubwa wake lenyewe hufuata mkunjo wa e:

```
(Ts − To) / (Ts − Ti) = e^(−NTU)
NTU = U·A / C
ε = 1 − e^(−NTU)
```

U ni jinsi ukuta wa mrija na tabaka zake zinavyopitisha joto, A ni eneo la mirija, na C ni uwezo wa maji. Angalia mstari wa kwanza kwa makini, maana ndio wenye faida kubwa kazini: pengo la mwisho ugawanye kwa pengo la mwanzo. Vipimo vyote huko chini vinatoka hapo.

NTU ikiwa 1, ufanisi ni asilimia 63. Ikiwa 2 ni 86, na ikiwa 3 ni 95. Kutoka 3 kwenda 4, ambako ni kuongeza theluthi nzima ya mirija, unapata asilimia 3 tu zaidi.

Je, ni kweli mpangilio wa mikondo haujalishi?

Ndiyo, mradi Ts ni ileile kila mahali. Mikondo ikienda upande mmoja, ikipishana, ikikatana, au maji yakipita mara mbili ndani ya ganda, fomula zote huangukia kwenye 1 − e^(−NTU) ukiweka Cr = 0. Sababu yake inaonekana bila hesabu: kipande cha mrija hakijali mvuke umetoka upande gani, kwa kuwa kila kona kinakutana na halijoto ileile.

Ndiyo maana waundaji wa kondensa wanaamua idadi ya mapito ya maji kwa kuangalia kasi ya maji ndani ya mirija, nguvu ya pampu na mahali mabomba yanapoingilia. Swali la mpangilio huamka tena pale Ts inapoanza kusogea. Tazama swali la mchanganyiko wa majokofu.

## Hesabu moja, mwanzo hadi mwisho

Naomba mfano wenye namba zinazofanana na za mtambo halisi.

Tuseme turbini inaachia kondensa megawati 60 za joto. Maji ya bahari yanaingia kilo 1,500 kwa sekunde yakiwa na 28 °C. Joto mahsusi la maji ya bahari ni karibu 4.0 kJ/kg·K, chini kidogo ya 4.18 ya maji baridi ya mto, kwa sababu ya chumvi. Mirija ina eneo la mita za mraba 3,000 na U ni 3.0 kW/m²·K.

Uwezo wa maji ni 1,500 × 4.0, yaani 6,000 kW/K. Gawanya 60,000 kW kwa 6,000 na unapata kwamba maji yatapanda digrii 10. Yatatoka yakiwa 38 °C. Zingatia kwamba hadi hapa hatujagusa mirija kabisa: halijoto ya kutoka imeamuliwa na mzigo wa joto na wingi wa maji peke yake.

UA ni 9,000 kW/K, hivyo NTU ni 9,000 ÷ 6,000 = 1.5. Ufanisi ni 1 − e^(−1.5) = 0.777. Sasa ndipo mirija inaposema neno lake: ili maji yapande digrii 10 kwa ufanisi huo, pengo la mwanzo lazima liwe 10 ÷ 0.777 = digrii 12.9. Mvuke utakaa kwenye 28 + 12.9 = 40.9 °C. Ukifungua majedwali ya mvuke, halijoto hiyo ina presha ya karibu 7.7 kPa. Pengo la mwisho ni 40.9 − 38 = digrii 2.9.

Kwa hiyo kondensa haipokei Ts kama amri kutoka nje. Mzigo ukiwa umepangwa, Ts inapanda yenyewe hadi joto lote lipate njia ya kutoka, na presha inaifuata. Turbini ndiyo inayolipa, kwa sababu presha ya nyuma yake ikipanda inatoa kazi kidogo kwa mvuke uleule.

Nitajuaje kama jibu langu ni sahihi?

Lipime kwa njia ya pili, ile ya wastani wa kilogi wa tofauti za halijoto. Mapengo ni 12.87 na 2.87. Tofauti yao ni 10, na logi asilia ya 12.87 ÷ 2.87 ni 1.5. Wastani ni 10 ÷ 1.5 = digrii 6.67. Zidisha na UA ya 9,000 na unarudi kwenye kilowati 60,000. Ile logi, 1.5, ndiyo NTU yenyewe. Njia hizi mbili ni hesabu moja iliyoandikwa kwa namna mbili, na kigezo cha masahihisho cha mpangilio wa mikondo hapa ni 1.

## Kupima na kutafsiri

Sina kipima mtiririko wa maji. Bado naweza kupata ufanisi?

Unaweza. Ufanisi unahitaji halijoto tatu tu: Ti, To na Ts. NTU unaipata kwa kuchukua logi asilia ya pengo la mwanzo ugawanye kwa pengo la mwisho. Mtiririko unahitajika pale unapotaka kutoka kwenye NTU kwenda kwenye UA, yaani kujua hali ya mirija yenyewe.

Tahadhari moja kubwa. Pengo la mwisho ni dogo, hivyo kosa dogo la kipimajoto linavimba. Katika mfano wetu, Ts ikikosewa kwa nusu digrii tu juu au chini, NTU utakayoisoma itakuwa popote kati ya 1.38 na 1.65. Hiyo ni tofauti inayotosha kumfanya mtu aagize mirija isafishwe bila sababu. Kadiri ufanisi ulivyo mkubwa ndivyo kosa linavyozidi, kwa hiyo kondensa iliyo bora ndiyo ngumu zaidi kuipima vizuri. Linganisha geji zako kwa maji ya joto moja kabla ya kuamini desimali.

Maji ya kutoka nayo hayachanganyiki sawasawa mara tu yanapotoka kwenye mirija. Mirija ya juu na ya chini haipati mvuke kwa usawa, na kipimajoto kimoja kilichobandikwa ukutani mwa bomba kinaweza kusoma mkondo mmoja tu. Weka viwili au vitatu kuzunguka bomba, mbali kidogo na ganda.

Geji yangu inaonyesha ombwe la 76 kPa. Majedwali yananipa halijoto ya ajabu. Kwa nini?

Karibu kila mara tatizo ni presha ya hewa ya mahali ulipo. Geji ya ombwe inasoma ni kiasi gani uko chini ya hewa ya nje, lakini majedwali ya mvuke yanataka presha kamili, inayohesabiwa kuanzia sifuri.

Dar es Salaam au Mombasa, hewa ina karibu kPa 101. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, ina karibu kPa 83. Ombwe la 76 kPa Nairobi ni presha kamili ya karibu kPa 7, na mvuke uko kwenye 39 °C. Ombwe hilohilo pwani ni kPa 25, na mvuke uko kwenye 65 °C. Mtu wa Nairobi akitoa kutoka 101 kwa mazoea, atapata Ts iliyozidi kwa digrii 26 na ufanisi wa kondensa utaonekana kama umeporomoka. Pata kipima presha kamili, au usome barometa siku hiyohiyo.

Maji yanatoka na 38 °C kama zamani. Hiyo haithibitishi kwamba mirija ni misafi?

Haithibitishi. Rudi kwenye mfano: 38 °C ilipatikana kabla mirija haijatajwa. Tuseme utelezi na ukoko vimeshusha U kutoka 3.0 hadi 2.0. NTU inakuwa 1.0, ufanisi 0.632. Mzigo ni uleule na maji ni yaleyale, kwa hiyo yanatoka na 38 °C kama jana. Kilichohama ni mvuke: sasa uko kwenye 28 + 10 ÷ 0.632 = 43.8 °C, presha ni karibu 9.0 kPa, na pengo la mwisho limekua kutoka 2.9 hadi 5.8.

Andika pengo la mwisho kwenye daftari la zamu kila siku, pamoja na mzigo. Safu hiyo moja inaeleza zaidi kuhusu mirija kuliko safu nzima ya halijoto za maji ya kutoka.

Pampu moja ya maji ilizimwa na ufanisi ukapanda. Ni habari njema?

La. Hili ndilo kosa la kutafsiri ambalo ningependa kila anayesoma ukurasa huu aondoke nalo kichwani, kwa sababu namba inapanda huku mtambo ukiumia.

Tuendelee na mfano wetu, mirija ikiwa misafi. Mtiririko wa maji umeshuka hadi nusu, kilo 750 kwa sekunde. C ni 3,000 kW/K, na maji yatapanda digrii 20 badala ya 10. U nayo inashuka, kwa sababu maji yanapita polepole ndani ya mirija. Kwa kondensa za mvuke, kanuni ya kazi ni kwamba U hufuata kipeuo cha pili cha kasi ya maji, hivyo inakuwa karibu 2.12. Lakini C imeshuka zaidi ya U, kwa hiyo NTU imepanda: 2.12 × 3,000 ÷ 3,000 = 2.12. Ufanisi ni 0.88.

Kutoka 0.777 hadi 0.88, mtu anaweza kufurahi. Sasa hesabu mvuke: 28 + 20 ÷ 0.88 = 50.7 °C. Presha imetoka 7.7 hadi karibu 12.8 kPa. Hata pengo la mwisho, tuliloliamini katika swali lililotangulia, limesogea kidogo tu hadi 2.7, na limesogea kwa upande unaoonekana mzuri.

Kinachotokea ni hiki. Ufanisi unajibu swali "maji haya machache yametumika vizuri kiasi gani?" Maji machache yanayokawia kwenye mirija mingi yatakaribia Ts sana, na hivyo kupata alama nzuri. Lakini uwezo wa kondensa kuondoa joto ni ufanisi uzidishwe na C. Kabla ilikuwa 0.777 × 6,000 = 4,660 kW kwa kila digrii ya pengo la mwanzo. Baada ya pampu kuzimwa ni 0.88 × 3,000 = 2,640. Hiyo zao ndiyo unayopaswa kuilinganisha kati ya leo na mwezi uliopita. Ufanisi pekee, au pengo la mwisho pekee, unalinganishwa tu pale mtiririko wa maji ni uleule.

Dalili ya kuona mara moja ni To − Ti. Mzigo haujabadilika lakini maji yanapanda digrii 20 badala ya 10? Mtiririko umepungua nusu, hata kama hakuna kipima mtiririko. Tafuta pampu, valvu iliyofungwa nusu, au chujio lililoziba kwa mwani na kome.

Presha ya kondensa hupanda kila msimu wa kaskazi. Mirija inachafuka msimu huo?

Anza na maji yenyewe. Kwenye pwani yetu, uso wa bahari huwa na karibu 25 °C kusi inapovuma katikati ya mwaka, na hukaribia 29 °C au zaidi mwezi Machi. Kwa mzigo uleule na ufanisi uleule wa 0.777, pengo la mwanzo linabaki 12.9. Mvuke unasogea pamoja na bahari: 37.9 °C na karibu 6.6 kPa katika kusi, 41.9 °C na karibu 8.1 kPa mwezi Machi. Ufanisi haukuguswa.

Hapa ufanisi unafanya kazi yake vizuri kabisa: unaiondoa bahari kwenye lawama. Presha imepanda na ufanisi haujashuka, acha mirija.

Ufanisi umeshuka na mtiririko haujabadilika. Ni ukoko au ni hewa iliyoingia?

Kondensa ya turbini iko chini ya presha ya hewa ya nje, kwa hiyo kila muungo uliolegea unavuta hewa ndani. Hewa haigeuki maji. Inasukumwa na mvuke hadi juu ya mirija na kukaa hapo kama blanketi, na mvuke unalazimika kupenya katikati yake. Athari yake kwenye U ni kubwa hata hewa ikiwa kidogo.

Ukoko huja polepole, wiki kwa wiki, na mara nyingi unaongeza tofauti ya presha ya maji kati ya kuingia na kutoka. Hewa inaweza kuja ghafla, kwa mfano baada ya matengenezo au kubadilisha mzigo. Hewa ikiwepo, maji yanayokusanyika chini ya kondensa huwa baridi kuliko halijoto inayolingana na presha unayoisoma, oksijeni iliyoyeyuka ndani yake inaongezeka, na ejekta inatoa hewa nyingi kuliko kawaida. Ukoko wa ndani ya mirija hauleti dalili hizo tatu.

Hewa pia inaharibu hesabu yenyewe. Presha unayosoma ni ya mvuke pamoja na hewa, kwa hiyo Ts ya majedwali inakuwa juu kuliko halijoto halisi ya mvuke karibu na mirija. Wala halijoto haiko sawa tena kila mahali: kwenye kona inakokusanyika hewa ni ya chini zaidi. Fomula inaendelea kutoa namba, ila sasa namba hiyo imechanganya ugonjwa wa aina mbili.

## Boila

Fomula ya boila ni ileile?

Kwa sehemu inayochemsha, ndiyo. Upande usio na kikomo sasa ni maji yanayochemka, na Cmin ni ya moshi wa moto. Tuchukue boila inayotumia moshi wa injini au turbini ya gesi: moshi kilo 40 kwa sekunde, joto mahsusi 1.1, C = 44 kW/K. Unaingia kwenye mirija ya kuchemshia na 450 °C, na maji yanachemka kwa presha kamili ya bar 10, yaani 180 °C. NTU ikiwa 3, ufanisi ni 0.95. Moshi unashuka 0.95 × 270, karibu digrii 257, unatoka na 193 °C, na joto lililopatikana ni karibu megawati 11.3. Kwa joto fiche la 2,014 kJ/kg, kama maji yanaingia yakiwa tayari kwenye halijoto ya kuchemka, unapata karibu kilo 5.6 za mvuke kwa sekunde.

Faraja ya boila ya aina hii ni kwamba U ni rahisi kukadiria. Moshi hupitisha joto vibaya mara nyingi zaidi kuliko maji yanayochemka, kwa hiyo karibu ukinzani wote uko upande wa moshi. Masizi nje ya mirija yanashusha ufanisi. Ukoko mwembamba ndani hauonekani sana kwenye ufanisi, lakini una hatari nyingine kabisa: unazuia maji kuipoza chuma, na mrija unaungua.

Nikiongeza mirija, moshi utashuka chini ya 180 °C?

Hautashuka, hata ukijaza jengo zima. Pengo la moshi na maji mwishoni ni 270 × e^(−NTU): NTU ya 3 inatoa digrii 13, NTU ya 4 inatoa 5. Umeongeza theluthi ya eneo ili kupata digrii 8.5, ambazo ni karibu kilowati 370 juu ya 11,300. Ukitaka joto lililobaki kwenye moshi, ama ushushe presha ya kuchemshia, ama uweke ekonomaiza.

Naweza kuihesabu boila yote, pamoja na ekonomaiza na supahita, kwa Cr = 0?

Usifanye hivyo. Katika ekonomaiza maji bado hayajachemka na halijoto yake inapanda. Katika supahita mvuke unapanda joto pia. Sehemu hizo mbili zina Cr ya kawaida, na mpangilio wa mikondo unarudi kuwa na maana. Gawa boila vipande vitatu, tumia Cr = 0 kwa kipande cha katikati tu, na uunganishe kwa halijoto za moshi kati ya kipande na kipande.

## Pale Cr = 0 inapoanza kuyumba

Kuna kipimo cha haraka cha kujua kama naweza kuchukua sifuri?

Kipo. Kwa kuwa mikondo yote miwili inahamisha joto lilelile, uwiano wa uwezo wao ni kinyume cha uwiano wa mabadiliko ya halijoto yao. Gawanya badiliko la halijoto la upande unaobadili hali kwa badiliko la upande wa pili. Hilo ndilo Cr.

Mvuke ukipoteza presha kidogo ukipita kati ya mirija, kiasi kwamba Ts inashuka nusu digrii huku maji yakipanda 10, Cr ni 0.05. Kwa NTU ya 1.5 ufanisi unatofautiana na ule wa Cr = 0 kwa asilimia moja hivi. Endelea na sifuri. Ila kwenye ombwe uwe macho: karibu na 41 °C, kupotea kwa kPa 1 kunashusha Ts kwa karibu digrii 2.5. Kwenye boila ya bar 10, kPa 1 hiyohiyo haionekani kabisa.

Kondensa ya jokofu inapokea gesi ya moto sana kutoka kwa kompresa. Ts ni ipi?

Ni halijoto inayolingana na presha ya kondensa, siyo ile ya bomba la kompresa. Kwa R134a inayogeuka kimiminika kwenye 40 °C huku ikifika na 65 °C, joto la kupoza gesi kabla haijaanza kugeuka ni karibu moja ya saba ya joto lote. Kwa kuwa ukuta wa mrija huwa baridi chini ya 40 °C, sehemu ya gesi huanza kugeuka kimiminika ukutani hata kabla gesi ya katikati haijapoa, ndiyo maana kukadiria kwa Cr = 0 na Ts ya 40 °C kunafanya kazi vizuri kuliko mtu anavyotarajia. Ukiweka 65 °C kwenye fomula ya ufanisi, utapata kondensa inayoonekana mbovu wakati ni nzima.

Kimiminika kinachopozwa zaidi mwishoni ni jambo lingine. Kinakalia mirija ya chini na kupunguza eneo la kazi ya kweli, kwa hiyo likizidi, lihesabu kama kipande chake.

Vipi mchanganyiko kama R407C?

Hapa sifuri haifai. R407C ni mchanganyiko wa gesi tatu, na halijoto yake inateremka takriban digrii 5 kati ya mwanzo na mwisho wa kugeuka kimiminika. Maji yakipanda digrii 8, Cr ni 5 ÷ 8, karibu 0.63. Kwa NTU ya 1.5, mikondo inayopishana inatoa ufanisi wa karibu 0.67, na mikondo ya upande mmoja 0.56, wakati fomula ya Cr = 0 ingekuahidi 0.78. Fundi anayebadilisha R134a kwa mchanganyiko wa namna hii lazima aangalie maji yameunganishwa kuingilia upande gani, jambo ambalo kwa R134a halikuwa na uzito.